Ndoo ya Makombo

Wanafunzi walimwita mama wa kantini Nyundo, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na mama yake. Foleni ya mapumziko ikianza kusukumana, alishusha ngumi moja tu juu ya kaunta, vikombe vikaruka, na vijana wote wakanyooka kama wanaotaka kuhesabiwa. Katika miaka kumi na minne ya kuiongoza kantini ile ya shule ya sekondari, aliwahi kumtandika mwizi kwa kifuniko cha sufuria, akamkimbiza mpaka getini dereva wa gari la soda aliyemtolea neno chafu, na siku moja ya hasira zake akavunja kioo cha kabati la vitafunio kwa kiwiko. Kioo alikiokota mwenyewe, kipande kwa kipande, huku akikitukana.

Lakini hakuwahi kumgusa mwanafunzi, hata kwa ukucha. Hilo alijiwekea mwenyewe. "Mkono wangu mzito," alikuwa akisema. "Mtoto wa watu nitamvunja, halafu nimwambie nini mama yake?"

Alijua anachosema. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilipinda kuelekea nje, na aliyekipinda ni baba yake mzazi. Marehemu alikuwa mwokaji, mtu wa unga toka alfajiri, na katika maisha yake alichukia kitu kimoja tu: chakula kilichotupwa. Chenga ya keki ikianguka sakafuni, mtoto aliyeiangusha alipiga magoti akaiokota kwa kidole kilicholoweshwa mate, na ole wake ibaki hata moja. Nyundo akiwa na miaka tisa aliiacha moja chini ya meza. Baba akamshika mkono, akaubandika mezani, akashusha mti wa kusukumia unga. Mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa chini ya meza ile ile akiitafuta chenga, na aliitafuta mpaka akaipata huku dada yake akilia juu ya kichwa chake.

Mdogo mtu huyo sasa alikuwa jitu la mabega mapana, na ndiye aliyekuwa mwokaji wa kantini. Baba alimwachia vitu viwili, mti ule wa kusukumia unga na ndoo. Ndoo ilikaa karibu na oveni, nyeupe, yenye mfuniko, na kila kilichobaki kabatini jioni kiliingia humo. Keki zilizovunjika, biskuti za karanga zilizoungua pembeni, vijiti vya ufuta, maganda ya skonzi, vyote humo. Alhamisi makombo yalirudishwa kwenye oveni yakakauka, yakatwangwa, yakachanganywa na kakao, siagi na sukari, yakafinyangwa kuwa mipira ya chokoleti. Ijumaa mipira ilipangwa kabatini, na kabla kengele ya pili haijalia ilikuwa imekwisha. Hapakuwa na kitafunio kilichopendwa kuliko hicho, wala kilichojulikana kidogo kuliko hicho.

Basi Jumatatu moja, mapumziko yamekwisha na Nyundo anafuta kaunta, akasimama dirishani binti wa kidato cha pili. Mwembamba, sketi imemzidi, macho hayatulii. Mkononi ana bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kengele imelia. Huna darasa?"

"Ninalo. Nimeleta hii tu." Akaisukuma bahasha juu ya kaunta, akatoka mbio kama aliyeweka bomu.

Barua ilikuwa na anwani, tarehe na kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula: *Kuhusu: Ombi la maelezo ya viambato vya vitafunio vinavyowekwa kabatini*. Nyundo alicheka peke yake alipoona rula. Akaendelea kusoma, kicheko kikamkauka.

*Nina mzio mkali wa karanga,* binti aliandika. *Muhula uliopita nilinunua vitu vitatu kutoka kabatini. Niliuliza kwanza kama vina karanga nikajibiwa kuwa havina. Nilivimba koo nikalazwa siku mbili, na mpaka leo sijui kipi kati ya vile vitatu kilinidhuru. Simlaumu mtu. Ninaomba kila kitafunio kiwekewe kadi yenye viambato vyake vyote, na ioneshe kama kina karanga, maziwa, mayai, ngano, ufuta au soya, na kama vyombo vilivyotumika viligusa vitu hivyo. Nikijua, nitachagua mwenyewe. Tangu siku ile mapumziko ninakaa darasani peke yangu, kwa sababu wenzangu wako kantini.*

Chini kabisa: *Nakala: Mwalimu Mkuu.*

Nyundo alikumbuka. Si uso wa binti, maana nyuso zinapita mia kwa siku, ila alikumbuka gari likiondoka kwa kasi muhula uliopita na watu wakisema kuna mtoto kavimba. Alikumbuka pia kwamba mtu akiuliza dirishani, "Kina karanga?" yeye hutazama kwa macho tu. Asipoona karanga imetokeza, hujibu, "Hakina." Akakaa juu ya kreti ya soda.

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe adhuhuri, nakala mkononi. Alitaka kadi ziwe tayari kufikia Ijumaa. "Nesi wa shule anasema hili si suala la kubembelezana," akasema. "Kila kilichomo kiandikwe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu."

Jumatano alasiri Nyundo alikaa kwenye meza ya jikoni na kadi, kalamu nene na pakiti zote za malighafi, akinakili maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti mpaka macho yakamuuma. Siagi ya pakiti ilikuwa na soya, jambo ambalo hakulijua maisha yake yote. Unga wa kakao uliandikwa unaweza kuwa na chembe za karanga. Aliandika donati, aliandika keki, aliandika biskuti za karanga kwa herufi kubwa. Mdogo wake alikuwa anasukuma unga, mgongo umemgeukia.

"Mipira," Nyundo akasema. "Naandikaje?"

"Biskuti, kakao, siagi, sukari."

"Na ndoo?"

Mti ulisimama juu ya unga. "Ndoo gani?"

"Usinifanye mtoto. Ndani ya ndoo mna karanga, mna ufuta, mna mayai, mna kila uchafu wa wiki nzima. Huyu mtoto anauliza karanga."

"Karanga zile zimeokwa mara mbili, dada. Mara ya kwanza kwenye biskuti, mara ya pili kwenye kukausha. Karanga iliyookwa mara mbili imekufa, haina nguvu tena. Baba alisema."

"Baba alikuwa daktari?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huyu bwana ungeweza kumtukana yeye, mke wake na kabila lake lote, akacheka. Lakini baba alikuwa haguswi. Aligeuka, akaukamata mkono wa kushoto wa dada yake, akaubana mezani katikati ya kadi, mti wa kusukumia umeinuka. Nyundo alimrushia ngumi ya kulia ikampata shavuni, ikampata tena, damu ikamtoka puani ikadondokea kadi ya keki. Hakuachia. Alikipata kidole kile kilichopinda akakivuta nyuma, taratibu, kama anayepima iwapo mkate umeiva.

"Ukiandika makombo," akasema kwa sauti ya chini, "tunafukuzwa hapa sote. Watasema tunalisha watoto wao takataka. Hii kazi ni mimi, na wewe, na baba. Andika biskuti."

Mwanamke aliyekimbiza dereva mpaka getini alikuwa na miaka tisa tena. Aliandika: *Mipira ya chokoleti: biskuti, kakao, siagi, sukari. Ina ngano, maziwa na soya.* Kwenye mstari wa karanga akaandika: *Hakuna.* Kisha akairudia kadi ya keki, kwa sababu ilikuwa na damu.

Alijipa moyo kwa uongo wa kawaida wa watu waoga. Huyo binti hali kabatini tena, alijiambia. Kaandika tu, watoto wa siku hizi wanaandika.

Ijumaa binti alikuja wa kwanza. Alisimama mbele ya kioo akisoma kadi moja baada ya nyingine, kidole juu ya kioo, midomo ikitembea. Nyundo alikuwa nyuma akimimina chai kutoka birika kubwa. Alimwona, akataka kuweka birika chini, lakini foleni ilikuwa imefika na vikombe vilikuwa vimepangwa. Mdogo wake ndiye aliyekuwa dirishani.

"Kadi hizi ni kwa ajili ya barua yangu?" binti akauliza.

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi nipe mpira mmoja wa chokoleti. Nimeutamani tangu muhula ule."

Nyundo alisikia neno *mpira* katikati ya makelele, akageuka na birika mkononi. Binti alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, katikati ya wenzake wawili, kwa mara ya kwanza tangu muhula ule. Alipomwona Nyundo anamtazama, alitabasamu akauinua mpira kidogo, kama kushukuru. Kisha akauma.

Birika lilianguka. Chai ya moto ilimchoma Nyundo miguu yote miwili, wala hakuisikia. Alipita mlango mdogo wa kaunta akiusukuma kwa nyonga mpaka bawaba moja ikang'oka, akawapangua waliokuwa mbele yake kulia na kushoto, na mkono ule mzito, mkono ambao haukuwahi kumgusa mwanafunzi, ukatua kinywani mwa binti. Mpira uliruka. Binti alianguka nyuma ya benchi miguu juu, mdomo umepasuka, damu na kakao kidevuni. Nyundo alimfuata chini, akamkaba mashavu kwa vidole. "Tema! Tema nakwambia! Tema!" Aliingiza kidole kinywani mwake akakomba.

Baadaye watu walimuuliza kwa nini hakupiga kelele tu. Jibu ni kwamba katika nyumba aliyokulia mkono ulitangulia mdomo siku zote.

Patashika iliyofuata haielezeki. Wavulana wawili wa kidato cha nne walimrukia, mmoja akamvuta nywele, mwingine akamkaba shingo kwa mkono. Alipata teke la mbavu asilojua limetoka kwa nani. "Nyundo anaua mtu!" ilisikika mpaka maabara. Mwalimu mkuu alifika akihema, nesi wa shule akimfuata na boksi lake.

"Umempiga mwanafunzi?" mwalimu mkuu akafoka. "Mbele ya shule nzima? Umerukwa na akili?"

Nesi alipiga magoti akauinua uso wa binti. Mdomo wa juu ulikuwa umejaa, unazidi kuvimba. "Huyu si yule wa mzio?" akauliza haraka. "Kala nini?"

"Mpira wa chokoleti," mmoja wa wenzake akajibu akilia. "Lakini hauna karanga, tumesoma kadi!"

Nesi aligeuza kichwa akaitazama kadi kupitia kioo. *Karanga: Hakuna.* Akamtazama Nyundo, akautazama mdomo uliopasuka. "Basi uvimbe huu ni wa kofi," akasema, na kulikuwa na chuki katika sauti yake. "Leteni barafu. Na huyu mama mwondoeni hapa."

Nyundo alifungua kinywa. Dirishani, mdogo wake alikuwa amesimama wima, mti wa kusukumia unga mikononi, anamkazia macho. Hakutikisa kichwa. Hakuhitaji. Kidole kilichopinda kilianza kumuuma chenyewe, na Nyundo, aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, alifunga kinywa.

Alikaa hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi tano hivi. Hizo pumzi tano hakujisamehe kamwe.

Kisha binti akakohoa. Kikohozi kikavu, kidogo, kikafuatwa na kingine. Akajikuna shingo, na pale alipojikuna ngozi ikatoka mabaka mekundu. Alitaka kusema kitu, sauti ikatoka nzito, kama ya mtu mwingine. Barafu ilikuwa bado njiani.

"Mna karanga!" Nyundo alipiga ukelele ambao uliwaogopesha hata waliomshika. "Kadi ni ya uongo! Nimeandika uongo! Ni makombo ya wiki nzima, mna karanga humo, mna ufuta, mna kila kitu! Mchome sindano! Sio kofi, mchome!"

Nesi hakuuliza mara mbili. Alitoa kwenye boksi sindano ya adrenalini ya binti mwenyewe, akaikandamiza pajani kwa nje, juu ya sketi, akaishikilia huku akihesabu. Binti akaanza kuvuta hewa kwa mlio wa filimbi. Nesi alimkalisha ameegemea kifua chake, miguu imenyooshwa mbele, akaamuru gari liletwe na mtu apige simu hospitali. "Pumua, mwanangu. Taratibu. Niko hapa." Zilipita dakika ndefu. Filimbi ilipungua. Binti alitapika kakao na mate, akalia, na kilio kile kilikuwa na sauti yake mwenyewe.

"Ana nafuu, lakini lazima aende," nesi akamwambia mwalimu mkuu. "Hali inaweza kurudi." Kisha bila kumtazama Nyundo: "Nani aliwaambia karanga ya makombo haina madhara?"

"Baba," Nyundo akajibu.

Gari lilipoondoka, wavulana walimwachia. Nyundo alirudi jikoni akichechemea, miguu imeota malengelenge. Mdogo wake alikuwa anamsubiri nyuma ya mlango. Mti ulimpata begani, kitu kikalia ndani, mkono wa kulia ukaning'inia. Mara ya pili ulimpata mgongoni, akaangukia oveni. Mdogo mtu alikuwa analia huku akipiga. "Umemuua!" alikuwa akisema. "Umemuua baba! Umemwanika mbele ya watu!"

Nyundo alinyoosha mkono wa kushoto, wenye kidole kibovu, akaing'oa ndoo kwenye kona yake, akaipindua.

Makombo ya jana yake yalimwagika sakafuni. Yakasambaa chini ya meza, chini ya oveni, mpaka kwenye dimbwi la chai iliyomwagika. Kwa mara ya kwanza tangu ndoo ile inunuliwe, sakafu ile ilikula.

Alifumba macho akasubiri pigo. Halikuja. Alisikia mti ukianguka, ukabingirika. Alipofumbua, jitu lile la mabega mapana lilikuwa limepiga magoti, limelowesha kidole kwa mate, linaokota. Chenga moja. Nyingine. Kila likiokota lilitazama mlangoni.

Nyundo alishuka sakafuni kwa shida, akaketi mbele yake, akamshika mkono.

"Mdogo wangu," akamwambia. "Alishakufa. Acha."

Hakuacha. Aliendelea kuokota mpaka mwalimu mkuu alipofika na askari wawili, na hata walipomwinua alikuwa amefumba ngumi yenye makombo ndani.

Bega la Nyundo lilifungwa bandeji wiki sita. Bwana afya alikuja, akafungua kila pakiti, akafunga kantini kwa siku ishirini na moja. Kuhusu kofi, bodi ya shule ilikaa kikao kirefu, na waliotaka afukuzwe walikuwa wengi. Hatimaye baba wa binti ndiye aliyesimama akasema binti yake hataki, mambo yakaishia kwenye onyo la maandishi. Ndoo ilitobolewa ikawekwa udongo wa maua. Mti wa kusukumia unga askari waliuchukua kama ushahidi, na Nyundo hakuuomba urudishwe.

Siku ya kwanza ya kufungua, kabati lilikuwa na vitafunio vinne tu, kila kimoja na koleo lake na trei yake, kila kimoja na kadi iliyosainiwa na bwana afya. Mahali pa mipira ya chokoleti palikuwa patupu. Binti alikuja dirishani na kovu dogo mdomoni. Nyundo alimpa bahasha. Ndani mlikuwa na barua iliyoandikwa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado haujapona, yenye anwani, tarehe na kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula.

*Kuhusu: Jibu la barua yako,* iliandikwa.

*Mpira wa chokoleti uliokula ulikuwa na karanga, ufuta, mayai, maziwa, ngano na soya. Nilijua nilipokuwa naandika kadi. Muhula uliopita pia ulikuwa ni huo huo. Hatuutengenezi tena.*

*Watu wananiambia nikuombe radhi kwa kofi. Kofi sikuombi radhi. Kadi ndiyo ninayokuomba unisamehe.*